Shairi huru linasimamaje bila vina na mizani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Shairi huru ni lipi hasa, na hapa tutachambua lipi?

Ni shairi ambalo mtunzi wake hakujifunga kwa urari wa vina na mizani. Ukisoma utenzi unajua mapema kwamba kila kipande kitakuwa na mizani 8. Ukisoma tarbia ya kawaida unajua mshororo utakuwa na mizani 16, nane kwa nane, na kina kitakungoja katikati na mwishoni. Katika shairi huru huahidiwi chochote cha namna hiyo kabla hujaanza kusoma. Wengine huyaita masivina, wengine mapingiti. Jina si hoja. Hoja ni kwamba mtunzi hakuazima umbo lililokwisha kujengwa, kwa hiyo kila shairi lazima lijijengee lake, na mchambuzi ana kazi ya kuonyesha limejengwaje.

Uchambuzi wa jumla hausaidii hapa, kwa hiyo nitatumia shairi moja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nimelitunga mwenyewe. Lina mistari 16. Lihesabu ukilisoma, maana nitakuwa nataja mistari kwa namba zake.

*Foleni*

Ndoo ya mwalimu hutangulia.
Ndoo ya muuza maandazi hufuata.
Ndoo ya bibi wa nyumba ya bati
hufuata, ina ufa
uliozibwa kwa sabuni.
Ndoo yetu huwa ya nne.

Leo bomba limekohoa
mara moja,
likanyamaza.

Ndoo ya mwalimu imetangulia.
Ndoo ya muuza maandazi imefuata.
Ndoo ya bibi wa nyumba ya bati
haipo, na
nafasi yake
hakuna aliyeisogelea.

Ndoo yetu bado ni ya nne.

Nianze kutafuta muundo wapi?

Anza na kinachorudi. Chukua kalamu, pigia mstari kila neno au kauli inayojitokeza zaidi ya mara moja, na uandike pembeni inajitokeza mahali gani. Hapa neno «ndoo» linaanza mistari minane kati ya 16: wa 1, 2, 3 na 6, kisha wa 10, 11, 12 na 16. Ni takriri ya mwanzo wa mstari, na inafanya kazi ambayo katika tarbia ingefanywa na kina, yaani kulipa sikio mahali pa kurudia. Ukisikia «Ndoo ya…» kwa mara ya tatu tayari unajua sentensi itakwendaje: mwenye ndoo, kisha kitendo. Umeshafundishwa kanuni ya shairi bila kuambiwa.

Huo ni usambamba, sentensi zenye umbo moja zilizopangwa moja chini ya nyingine. Katika shairi hili usambamba una faida ya ziada, kwa sababu mistari iliyopangana ni ndoo zilizopangana. Ukitazama ukurasa bila hata kusoma unaiona foleni.

Kwa hiyo nikishaonyesha takriri nimemaliza?

Hapo ndipo wengi wanapoishia, na uchambuzi unakuwa haujaanza. Takriri hujenga mazoea tu. Muundo hutokea pale mazoea yanapoguswa, kwa hiyo baada ya kuuliza nini kinarudi, uliza kimerudi kikiwa kimebadilika nini.

Weka ubeti wa kwanza kando ya ule wa tatu. «Hutangulia» imekuwa «imetangulia». «Hufuata» imekuwa «imefuata». Kiambishi *hu-* ni cha mazoea, cha jambo la kila siku, tena hakichukui kiambishi cha ngeli. Hutangulia ndoo, hutangulia mtu, hutangulia siku: kitenzi hakibadiliki, hakimtaji yeyote. Ndiyo maana ubeti wa kwanza una utulivu wa mambo yanayojiendea yenyewe. Ubeti wa tatu unaleta *-me-*, na *-me-* haisimami bila kiambishi cha ngeli, kwa hiyo *i-* ya ndoo inajitokeza mbele ya kila kitenzi: imetangulia, imefuata. Sasa kila ndoo inatajwa kana kwamba kuna mtu anayepita akihesabu. Na anayehesabu ndiye atakayegundua aliyekosekana. Mstari wa 13 unapofika, palepale tulipotarajia «imefuata» tunakuta «haipo».

Basi njeo peke yake imeligawa shairi sehemu mbili, desturi na leo. Kwenye mashairi huru ya Kiswahili napenda kufuatilia viambishi vya njeo kabla ya kitu kingine chochote. Mara nyingi mfupa wa shairi uko humo, na wachambuzi huupita kwa sababu wanatafuta tamathali za usemi.

Nitajuaje kwamba mstari umekatwa mahali panapostahili?

Swali hili linastahili nafasi zaidi, kwa sababu mkato ndio chombo kikuu cha shairi huru. Katika tarbia mizani ndiyo inayomwambia mtunzi akate wapi. Hapa anaamua mwenyewe, kwa hiyo kila mkato ni uamuzi wa kuulizwa.

Kwanza tazama lugha inaruhusu mikato gani. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda, njeo, mtendwa na kitendo ndani ya neno moja. «Aliyeisogelea» ni kishazi kizima. Huwezi kuingia katikati yake bila kulivunja neno. Mikato yetu basi hupatikana mahali pengine: kati ya kiima na kitenzi, kati ya kitenzi na yambwa, kati ya nomino na kivumishi chake, baada ya *-a* unganifu, baada ya *na*, *ni* au *si*. Hiyo si mikato yenye uzito sawa. Ukikata mwisho wa sentensi unapata mstari kifu, uliojitosheleza, na msomaji anapumzika. Ukikata kabla maana haijatimia unapata mstari mshata, na msomaji anasukumwa chini akiwa hajatua.

Mistari ya 1 na 2 ni kifu. Ndoo, mwenyewe, kitendo, nukta. Mstari wa 3 ni mshata: «Ndoo ya bibi wa nyumba ya bati», halafu hakuna kitenzi. Kitenzi kimesukumwa mstari wa 4. Mara ya kwanza mkato huo hauonekani kuwa na jambo, unashuka tu na kukuta «hufuata», umeridhika. Lakini umejifunza kitu bila kujua, kwamba kwa bibi huyu kuna hatua ya kusubiri kati ya jina na habari zake. Mstari wa 12 unarudia maneno yaleyale, unakata palepale, na safari hii hatua ileile inakushusha kwenye «haipo». Ule mkato wa mstari wa 3 ulikuwa unaandaa pigo hili. Ungeuondoa kule juu, na kuandika «Ndoo ya bibi wa nyumba ya bati hufuata» kwa mstari mmoja, mkato wa chini ungeonekana kama hila iliyotokea ghafla.

Sasa mstari wa 13: «haipo, na». Maneno ya Kiswahili huwekewa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana karibu kila mstari wetu hushuka taratibu unapoisha: hutangu*li*a, sa*bu*ni, *ba*ti. Neno la silabi moja likiachwa mwishoni linavunja mteremko huo. Lisome kwa sauti. Baada ya «na» sauti inabaki imeinuka, haina mahali pa kutua, na kinachofuata ni ukingo wa karatasi. Kisha mstari wa 14 unaanza na sauti ileile, *na*, ndani ya «nafasi». Na, nafasi: ni kigugumizi cha mtu asiyetaka kulisema jambo.

Ili uone mkato usio na kazi, nitauharibu ubeti wa kwanza makusudi:

Ndoo ya
mwalimu
hutangulia. Ndoo
ya muuza
maandazi hufuata.

Hapa «ya» imeachwa ikining'inia, nasi tunangoja kwa hamu kujua ndoo ni ya nani. Jibu ni mwalimu, na hakuna sababu ya kutungojesha. Mashaka yametumika bure mara nne, na itakapofika zamu ya bibi hayatakuwa na nguvu tena. Pia ile sura ya foleni imepotea, kwa kuwa «Ndoo» imehamia mwisho wa mstari. Dalili ya mkato mbovu ndiyo hiyo: ukiuhamisha neno moja mbele au nyuma, hakuna unachopoteza. Jaribu kuuhamisha ule wa mstari wa 13, andika «haipo, / na nafasi yake», uone sauti inavyotulia mapema.

Kwa nini nihesabu mizani ya shairi lisilofuata mizani?

Kwa sababu kutofuata kipimo kimoja si sawa na kutokuwa na vipimo. Hesabu kama unavyohesabu silabi za shairi lolote, ukikumbuka kwamba «nne» ni silabi mbili, *n-ne*.

Mstari wa 1 una mizani 11, wa 10 una 12. Mstari wa 2 una 14, wa 11 una 15. Mstari wa 6 una 9, wa 16 una 10. Yaani ndoo ya mwalimu, ya muuza maandazi na yetu, kila moja imeongezeka mizani moja iliporudi. Mstari wa bibi una 11 juu na 11 chini. Haukukua, kwa sababu ndani yake hamna kitenzi cha kubadilika. Kila aliyefika leo amesogea hatua moja, isipokuwa asiyekuja.

Kuna jingine. Bomba linaponyamaza, mistari ya 8 na 9 ina mizani 4 na 5: «mara moja / likanyamaza». Inapotajwa nafasi ya bibi, mistari ya 13 na 14 nayo ina 4 na 5: «haipo, na / nafasi yake». Kukatika kwa maji na kukosekana kwa mtu vimepewa pumzi ya urefu mmoja. Sikio la msomaji linaunganisha mambo hayo mawili ingawa shairi halisemi popote kwamba yanahusiana.

Hata hivyo usihesabu ili uandike orodha ya tarakimu. Hesabu ili upate mahali ambapo urefu umebadilika ghafla au umerudi, kisha uliza kwa nini hapo.

Mistari mingi inaishia na *a*. Je, hivyo si vina?

Vitenzi vyetu vingi huishia na *-a*, na maneno yetu karibu yote hufunga kwa mojawapo ya irabu tano tu, isipokuwa machache kutoka lugha za nje. Ukiandika orodha ya vitu vya kununua sokoni utapata mifuatano ya sauti inayofanana. Kwa hiyo kufanana kwa silabi pekee hakutoshi. Kina ni kina pale msomaji anapokingoja mahali maalumu. Katika «Foleni», mistari ya 1, 7, 10 na 15 inaishia na silabi *a*, lakini hakuna mpangilio unaokufanya uingoje.

Tatizo la mtunzi wa shairi huru kwa Kiswahili liko upande wa pili: vina humjia asipovitaka, na mistari miwili jirani ikigongana kwa bahati msomaji huanza kutarajia ya tatu. Upatanisho wa ngeli nao huleta takriri konsonanti za bure, *vikombe vile viwili vilivyovunjika*, na mchambuzi asiye makini huzisifu kama ufundi. Sarufi ilizilazimisha. Kinachohesabika kuwa ufundi ni pale mtunzi alipokuwa na njia nyingine akachagua hii, kama ilivyo *na / nafasi*.

Beti hazilingani. Hilo nalo ni muundo?

Ndiyo, likiwa na sababu. Mistari ya beti hapa ni 6, 3, 6, 1. Ubeti wa kwanza na wa tatu vinalingana kwa idadi, lakini tazama ndani. Katika ule wa kwanza ndoo nne zote zimeenea, pamoja na yetu. Katika wa tatu, bibi aliyekuwa na mistari mitatu (wa 3 hadi wa 5) amepata minne (wa 12 hadi wa 15), na ndoo yetu imesukumwa nje ya ubeti, ikabaki peke yake chini. Asiyekuwepo amechukua nafasi kubwa kuliko alipokuwepo.

Kati ya mstari wa 15 na wa 16 kuna nafasi tupu. Nafasi hiyo ni ile ambayo hakuna aliyeisogelea. Ndoo zilizopo ni tatu tu, ila yetu «bado ni ya nne», na karatasi yenyewe imeacha uwazi ili hesabu hiyo iwe kweli. Sehemu hii ndiyo niliyoihangaikia zaidi. Rasimu ya kwanza ilikuwa na «haipo, na hakuna aliyeisogelea nafasi yake» kwa mstari mmoja wa mizani 20, na ndoo yetu ilikuwa imegandamana chini yake. Habari ilikuwa ileile, lakini pengo lilikuwa linatajwa tu, halionekani.

Nitatofautishaje shairi huru na nathari iliyokatwakatwa?

Liandike upya kama aya moja, bila mikato, kisha usome zote mbili kwa sauti. Andika ulichopoteza. Ukikosa cha kuandika, ile ilikuwa nathari. «Foleni» ikiwa aya inabaki na habari, na hata takriri inabaki kiasi. Inapoteza kungoja kwa mstari wa 12, ile «na» iliyoinuka, ulinganifu wa 4 na 5, na lile pengo. Vitu vinne vinavyotajika.

Ukomo wa kipimo hiki ni kwamba yapo mashairi huru yanayojengwa kwa taswira au kwa mlolongo wa hoja kuliko kwa mkato, na hayo hupoteza kidogo ukiyaunganisha. Kwa hayo rudi kwenye swali la kinachorudi, ila sasa tafuta picha zinazorudi badala ya maneno.

Uhuru wa mshairi je? Nitafute inkisari na tabdila?

Katika shairi la arudhi mtunzi hufupisha neno ili mizani itimie au hubadili mwisho wake ili kina kipatikane. Katika shairi huru shuruti hiyo haipo, kwa hiyo usiandike «mtunzi ametumia inkisari ili kupata urari wa mizani» wakati hakuna urari wa kupata. Ukikuta neno limefupishwa, tafuta sababu nyingine, kama lahaja ya msemaji au kasi ya sauti. Kinachopatikana mara nyingi ni mpangilio wa maneno usio wa kawaida. Mstari wa 14 na 15 unasema «nafasi yake hakuna aliyeisogelea», yambwa imetangulizwa, na *-i-* ndani ya kitenzi inairejelea. Nafasi imetajwa kwanza, ikabaki wazi, watu wakaja baadaye.

Mbona wengine husema huu si ushairi wa Kiswahili?

Ni mjadala wa zamani. Kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha 1954 kuhusu sheria za kutunga kiliwapa wengi imani kwamba bila vina na mizani hakuna shairi. Euphrase Kezilahabi alipotoa «Kichomi» mwaka 1974, mabishano kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko yalipamba moto. Mimi naona upande wa mapokeo ulikuwa na haki ya kudai umbo. Walichokosea ni kudhani umbo lina milango miwili tu. Nyimbo nyingi za jando, za kazi na za kubembeleza watoto husimama kwa takriri na kiitikio, na hakuna aliyewahi kuzikataa kwa sababu mizani yake haikutimia.

Kwenye mtihani niandikeje kuhusu umbo la shairi huru?

Usiishie kwenye «shairi ni huru kwa sababu halina urari wa vina na mizani». Sentensi hiyo inataja kisichokuwepo, na inafaa kwa shairi lolote huru. Ongeza unachokiona, mahali kilipo na kazi yake. Kwa «Foleni» ningeandika hivi:

«Shairi lina beti nne zenye mistari 6, 3, 6 na 1. Mtunzi hakufuata urari wa vina na mizani. Badala yake amejenga umbo kwa takriri ya neno *ndoo* mwanzoni mwa mistari minane na kwa usambamba kati ya ubeti wa kwanza na wa tatu. Njeo inabadilika kutoka *hu-* ya mazoea hadi *-me-*, hivyo ubeti wa tatu unasomeka kama ukaguzi wa desturi iliyoelezwa katika wa kwanza. Mistari ya 3 na 12 ni mishata iliyokatwa kabla ya kitenzi. Kwa kuwa msomaji amezoea kukuta *hufuata*, neno *haipo* linamshtua. Mstari wa mwisho umetengwa, na uwazi ulio juu yake unawakilisha nafasi ya bibi katika foleni.»

Ni sentensi saba, na katika hizo ni moja tu inayotaja kilichokosekana.